Bomba Nililiona, Sikulifungua

Nilipoahidi kuandika katika toleo hili nilikusudia kuwaletea mambo mepesi, bei ya unga wa ugali pale Peckham na kadhalika. Lakini muhula huu limenitokea jambo ambalo sijaweza kulitoa kichwani, nikaona bora niliseme hapa, kwa sababu wengi wetu tumetoka kwenye maofisi ya nyumbani au tunakwenda kuajiriwa huko. Wote tumeandika, au tutaandika, taarifa ya ziara.

Kabla ya kuja huku Septemba 2024 kusoma uzamili wa afya ya jamii, mimi nilikuwa afisa afya mkoani Pwani, Tanzania. Moja ya taarifa zangu ilinifanya nijisikie fahari kidogo. Ilihusu kisima cha kuchimba kwa mkono katika kitongoji ambacho sitakitaja. Wagonjwa wa kuhara walikuwa wameongezeka zahanati ya karibu, nikatumwa kwenda kukagua. Taarifa ilisomwa kikaoni, bosi akaisifu, na wiki mbili baadaye kisima kikafungwa kwa bati na mnyororo. Kazi imeisha. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Nainukuu hapa sehemu ya matokeo, neno kwa neno, mjionee:

"Ziara ya ukaguzi wa kisima cha jamii ilifanyika tarehe 14 Machi 2023. Ilibainika kuwa kisima kiko wazi na hakina mfuniko. Ilionekana kuwa kuna vyoo vilivyo karibu na chanzo hicho. Matumizi ya kisima yalionekana kuwa madogo. Sampuli ya maji ilichukuliwa na kupelekwa maabara, ambapo ilithibitika kuwa maji yana vimelea vya kinyesi. Ilibainika pia kuwa wakazi wanayo huduma mbadala ya maji ya bomba. Aidha, ilibainika kuwa wakazi wengi hawachemshi maji kutokana na uelewa mdogo. Inapendekezwa kisima kifungwe mara moja na elimu itolewe kwa jamii."

Semeni ukweli, si Kiswahili cha kiofisi safi kabisa? Hakuna "mimi" hata moja. Tulifundishwa kwamba "mimi" ni majivuno, na kwamba taarifa ikisema "ilibainika" inakuwa kama imeandikwa na Serikali yenyewe.

Sasa njooni Soho. Mwezi Februari mwalimu wetu wa somo la milipuko ya magonjwa alitupeleka mtaa wa Broadwick Street, ambao zamani uliitwa Broad Street. Pale barabarani pana pampu ya maji ya kizamani isiyo na mpini. Siyo ile yenyewe, ni mfano wake uliowekwa ukumbusho, na karibu yake ipo baa yenye jina la Daktari John Snow. Wanaosoma afya wanaijua hadithi: mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka mtaa ule, Snow akaitilia shaka pampu, akaenda kuzungumza na wakubwa wa parokia jioni ya tarehe 7 Septemba, na kesho yake mpini ukang'olewa.

Mimi hadithi hiyo niliisoma chuoni nyumbani kwa mtindo wetu ule ule: "ilibainika kuwa chanzo ni pampu". Basi mwalimu akatutaka tukasome kitabu chake Snow mwenyewe, toleo la 1855, halafu tuje tumweleze aliandikaje. Nikaenda maktaba bila hamu. Nilichokikuta kilinishangaza. Yule bwana anaandika kwa nafsi yake: nilikwenda, niliuliza, nilikuta, niliambiwa. Anasema alikwenda Ofisi ya Msajili Mkuu akaomba orodha ya waliokufa. Vifo vya siku tatu za mwanzo alivyovifuatilia vilikuwa 83, na 73 kati yake vilitokea kwenye nyumba zilizo karibu zaidi na pampu ile kuliko pampu nyingine. Je, hao 73 wote walikunywa maji yale? Hapo mimi ningeandika "ilibainika kuwa walitumia maji ya pampu". Snow hakufanya hivyo. Anasema 61 aliambiwa kwamba walikuwa wakinywa maji hayo, 6 aliambiwa kwamba hawakuyanywa, na 6 wengine hakupata habari yoyote, kwa sababu watu wao walikuwa wamekufa au wamehama. Jumla inatimia 73, na hao asiowajua anawaacha wazi mbele ya msomaji.

Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi. Jioni ya tarehe 3 Septemba aliyachunguza maji ya pampu, akaona uchafu kidogo mno, mpaka akasita. Hilo nalo kaliandika. Mtu anayejenga hoja kwamba maji ndiyo yaliyoua anatuambia kwamba siku ya kwanza maji yalionekana karibu masafi na yeye mwenyewe aliingiwa na wasiwasi. Tena baadaye anakiri kwamba vifo vilikuwa vimeanza kupungua hata kabla mpini haujang'olewa, maana watu wengi walikuwa wameshakimbia mtaa. Ukiiondoa nafsi yake katika kitabu kile, mambo mawili haya yanakosa mahali pa kukaa. "Ilibainika" haiwezi kusita. Anayesita ni mtu.

Tulipomaliza, mwalimu akatupa kazi: kila mmoja achukue taarifa ya ziara aliyowahi kuiandika, aigeuze kuwa simulizi ya yale aliyoyafanya na kuyaona yeye mwenyewe. Masharti yalikuwa machache. Kila kitenzi lazima kiwe na mwenyewe. Mambo yafuate saa, siyo vichwa vya habari. Na pale usipojua, uandike kwamba hujui.

Nikacheka moyoni. Niliona ni kazi ya nusu saa, maana Kiswahili chetu hapa kina urahisi wa ajabu. Mzungu akitaka kugeuza sentensi ya namna hiyo lazima aivunje aipange upya. Sisi tunabadilisha viambishi tu: "ilionekana" inakuwa "niliona", "ilipimwa" inakuwa "nilipima". Nikafungua kompyuta, nikatengeneza chai, nikaanza.

"Niliona kuwa kisima kiko wazi na hakina mfuniko." Sawa, hiyo nilikiona kwa macho yangu. Inayofuata: "Niliona kuwa kuna vyoo vilivyo karibu." Sawa pia. Nikafika kwenye "ilithibitika kuwa maji yana vimelea". Nani alithibitisha? Mtu wa maabara. Mimi nilisoma karatasi. Nikafika kwenye "ilibainika kuwa wakazi wanayo huduma mbadala ya maji ya bomba". Nikaandika "Nilibaini kuwa..." nikasimama. Nilibaini vipi?

Hapo ndipo nilipogundua kwamba "ilibainika" ni kama koti kubwa la mtumba: watu watano tofauti wanaweza kulivaa usijue nani yumo ndani. Linaweza kumaanisha niliona. Linaweza kumaanisha nilipima. Linaweza kumaanisha niliambiwa. Linaweza kumaanisha nilikadiria. Na linaweza kumaanisha nilidhani tu, au niliikopi kwenye taarifa ya mwaka jana. Msomaji kikaoni anayaona yote yana uzito mmoja.

Nikaichapa taarifa nzima, nikachukua kalamu, nikapiga mstari chini ya kila kitenzi kisicho na mwenyewe. Pembeni yake nikaandika moja ya maneno hayo matano. Ili nisijidanganye nilihitaji ushahidi wa siku ile. Daftari langu la kazini lilikuwa limebaki Kibaha, nikamwomba mdogo wangu anipigie picha kurasa zake. Nikafungua na picha nilizozipiga kwa simu siku ya ziara. Hizi picha ni mali, jamani. Kila moja inakumbuka saa iliyopigwa, hata kama wewe umesahau. Nikazipanga kwa saa, nikaweka daftari kando yake, na siku ile ikaanza kurudi.

Simulizi niliyoiandika usiku ule ilikuwa hivi:

"Nilitoka ofisini saa tatu na nusu asubuhi kwa sababu gari lilichelewa kupata mafuta. Nilifika kisimani kama saa tano kasoro. Tulikuwa watatu: mimi, dereva, na dada mmoja mhudumu wa afya ya jamii wa kitongoji kile. Nilikuta akina mama wawili tu na ndoo zao. Niliwasalimia nikawauliza kama watu wengi huteka hapo. Mmoja akasema, 'Sasa hivi jua limeshakuwa kali, mwanangu.' Niliandika kwenye daftari: wachache.

"Kisima hakikuwa na mfuniko. Kingo zake za saruji zilikuwa zimepasuka upande mmoja, na maji yaliyomwagika yalikuwa yanarudi ndani kupitia ufa huo. Nililiona jambo hili kwa dakika kadhaa wakati mama mmoja akiteka. Nilitoa futi kamba, dereva akashika ncha, nikapima kutoka ukingo wa kisima hadi ukuta wa choo cha jirani: mita 14. Choo kiko upande wa juu wa mteremko, kisima kiko chini.

"Saa tano na robo nilijaza chupa ya sampuli nikaiweka kwenye boksi la barafu. Tulipita vitongoji vingine viwili. Tuliporudi mjini maabara ilikuwa imefungwa. Nililala na boksi nyumbani. Asubuhi barafu ilikuwa maji. Nikaikabidhi sampuli maabara saa nane mchana.

"Kabla ya kuondoka kitongojini, mwenyekiti alituonyesha bomba la jumuiya, kama mita 200 kutoka kisimani. Akasema maji ya bomba yapo. Niliona bomba. Nililipiga picha. Sikulifungua.

"Kuhusu kuchemsha maji niliwauliza watu wanne. Watatu walisema hawachemshi. Mama mwenye genge la nyanya aliniambia mkaa umepanda bei, akanunua wa kupikia tu. Sikuwauliza kama wanajua faida ya kuchemsha."

Ndugu zangu, niliisoma mara mbili, chai ikapoa. Taarifa ilikuwa na sentensi nane zilizosimama imara kama askari. Simulizi hii ilikuwa imezilaza nusu yake chini. Nieleze moja moja, maana kila kosa lilijificha kwa namna yake.

La kwanza ni saa. "Matumizi ya kisima yalionekana kuwa madogo." Nyinyi mliokulia vijijini mnajua watu wanateka maji lini: alfajiri na jioni. Mimi nilifika saa tano jua likiwa utosini. Tena yule mama aliniambia kistaarabu kabisa, na mimi nikayaandika maneno yake kama hewa. Taarifa ilikuwa imepangwa kwa vichwa: Utangulizi, Malengo, Matokeo, Mapendekezo. Saa haina kichwa cha habari, kwa hiyo ilidondoka. Nilipoandika kwa kufuatana, nikafika, nikakuta, nikauliza, ile "-ka-" yetu ya kusimulia ikanilazimisha kusema nilifika lini. Na nilipotaja saa tu, tokeo likaporomoka lenyewe.

La pili ni sampuli. Walioko fani hii wanajua kanuni: maji ya kupima vimelea yakae kwenye baridi na gizani, yafike maabara ikiwezekana ndani ya saa 6, na yasizidi saa 24. Hesabuni yangu. Kutoka saa tano na robo asubuhi hadi saa nane mchana wa kesho yake ni karibu saa 27, tena barafu ikiwa imeyeyuka. Vimelea vikikaa hivyo vingine hufa na vingine huongezeka, na ile idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya maabara haiwezi kuaminiwa. "Sampuli ilichukuliwa na kupelekwa maabara" si uongo. Ni kweli tupu. Lakini ndani ya ile "na" katikati ya vitenzi viwili mmelala usiku mzima, boksi lenye maji ya uvuguvugu, na mimi niliyekuwa nalijua hilo nikanyamaza.

Hata hivyo, msidhani kwamba nafsi ya kwanza inabomoa tu. Angalieni lile jambo la choo. Kwenye taarifa niliandika "vyoo vilivyo karibu", maneno ambayo hayamtishi mtu. Kwa kweli nilikuwa nimepima mwenyewe, kwa futi kamba, na nilikuwa na namba: mita 14, wakati sisi kazini tulikuwa tunasisitiza zisipungue 30. Choo kiko juu, kisima chini, na ukingo umepasuka, niliona maji machafu yakirudi ndani. Huu ulikuwa ndio ushahidi wangu wenye nguvu kuliko wote, wenye nguvu hata kuliko karatasi ya maabara. Lakini niliona kuandika "nilipima" ni kujikweza, nikaufukia. Mtindo ule uliyapandisha niliyoyadhani na kuyashusha niliyoyapima, yakakutana katikati yakafanana.

La tatu ni lile la uelewa mdogo. Watu wanne! Na aliyenipa sababu alisema mkaa. Neno "uelewa" halikutoka kinywani mwa mtu yeyote siku ile. Lilitoka kichwani mwangu, kwa sababu kila taarifa niliyowahi kuisoma ofisini ilikuwa nalo. Nilipojaribu kuligeuza, "niliona kuwa wana uelewa mdogo", nikaona aibu. Uelewa unauonaje kwa macho? Sentensi yenye mwenyewe ina aibu. Isiyo na mwenyewe haina.

Na la nne ni bomba. Nilikaa na sentensi ile muda mrefu. Nilimsomea jamaa yangu mmoja wa Kisumu ninayekaa naye, anasomea uhandisi. Akaniangalia, akasema, "Lakini wewe, hiyo bomba uliifungua ama uliitazama tu?"

Nikamwambia nilitazama.

"Na kisima ikafungwa?"

"Kikafungwa."

Akanyamaza, akarudi kwenye wali wake. Afadhali angenitukana.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nikampigia yule dada mhudumu wa afya, namba yake ilikuwa pembeni ya ukurasa wa daftari. Alifurahi kunisikia, akaniuliza habari za Ulaya, kama kweli watu wanakula viazi kila siku. Nikamuuliza kuhusu bomba. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayeona aibu kwa niaba yako.

"Kaka, bomba lile hutoa maji usiku, siku moja au mbili kwa wiki. Wiki nyingine halitoi kabisa. Wewe ulikuja mchana."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Mwenyekiti alikuwa anaongea, kaka. Na wewe hukuniuliza mimi."

Nikamuuliza sasa watu wanateka wapi baada ya kisima kufungwa. Akasema wenye hela wananunua madumu ya mkokoteni. Wasio na hela wanashuka kwenye dimbwi la bondeni, pale ng'ombe wanapokunywa.

Sitawachosha na hali yangu baada ya simu ile. Niseme tu kwamba kisima kile kilikuwa kibovu kweli, sikukosea kusema hivyo. Lakini kuna tofauti kati ya "kifungwe" na "kifunikwe, ukingo uzibwe, choo kihamishwe, maji yatiwe klorini mpaka bomba litoe maji kila siku". Mtu aliyesoma taarifa yangu asingeweza kuchagua hilo la pili, kwa sababu nilimwambia bomba lipo. Angesoma "niliona bomba, sikulifungua", hata karani angeuliza swali.

Nilipowasilisha kazi darasani, mwalimu alituongezea mambo mawili ambayo nawapa nanyi. La kwanza, nafsi ya kwanza siyo kujaza hisia. Msomaji wa taarifa ya maji hahitaji kujua kwamba nilisikitika au kwamba mandhari ilipendeza. Anahitaji kujua nilisimama wapi, saa ngapi, nikiwa na nini mkononi. La pili, muwe waangalifu na "tu-". "Tulipima" nayo inaweza kuwa koti. Nani alipima? Kama ni dereva aliyeshika futi kamba na wewe ukasoma, sema hivyo. Mwenzetu mmoja wa Kampala aliandika "tulihoji kaya", alipobanwa ikaonekana kaya zote zilihojiwa na mkalimani, yeye akiwa kwenye gari.

Na mipaka ipo. Jicho la mtu mmoja ni jembamba, na mtu anaweza kudanganya kwa "niliona" kama anavyodanganya kwa "ilibainika". Tena vitivo vingine hapa bado havitaki nafsi ya kwanza katika kazi za kutahiniwa, basi muulizeni msimamizi wako kabla hujakatwa maksi. Mimi sasa ninafanya hivi: naandika kwanza simulizi ya "nili-" na "nika-", kwa ajili yangu, usiku ule ule wa ziara, kabla sijalala. Ndipo natengeneza taarifa ya kiofisi kutoka humo, na kila "ilibainika" ninayoiweka, najua ni nani aliye ndani ya koti.

Simulizi yangu sikuiacha kwenye kabati la mwalimu. Niliipeleka kwa barua pepe kwenye ofisi niliyotoka, pamoja na marekebisho yake na pendekezo jipya. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mistari miwili. Walinishukuru, wakanikumbusha kwamba taarifa za kiofisi haziandikwi kwa "mimi".

Nilimtumia nakala yule dada pia, nikamwomba kama itampendeza awe anapita bombani na kuandika anachokiona. Hakujibu siku kadhaa, nikadhani nimemchosha. Kisha ukaja ujumbe mfupi kwenye simu, nikiwa ndani ya basi namba 73 naelekea darasani:

"Kaka shikamoo. Jumatatu nimefungua bomba saa 12 asubuhi, halikutoa. Jumatano nimefungua saa 2 usiku, halikutoa. Ijumaa nimefungua saa 5 usiku, limetoa ndoo 9 likakata. Nimehesabu mwenyewe."

Ujumbe ule nimeuambatanisha kwenye barua yangu ya pili, kama ulivyo, bila kugeuza neno. Kisima bado kimefungwa. Nikipata jibu nitawaambia toleo lijalo, Mungu akipenda.

Wasalaam, na mjikinge na baridi.